Saa Iliyoutii Mnara

Nikiwaambia watu kwamba mjomba wangu aliwahi kuitwa mwizi wa dakika ishirini, hucheka. Mimi siku ile sikucheka. Nilikuwa nimesimama katika baraza la hoteli huko Galu, nimevaa sare ya mapokezi, na damu ilikuwa imenipanda mpaka masikioni.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mimi nilikuwa msichana wa mapokezi, mwenye Kiingereza cha shule na Kijerumani nilichokiokota kwa wageni, neno moja leo, jingine kesho. Kila mwaka hoteli yetu iliandaa mashindano ya uvuvi. Boti zilitoka Diani, zikatoka Galu kwenyewe, nyingine zikaja kutoka Msambweni, na kila boti ilimchukua mgeni mmoja wa kushika ufito wa kuvulia. Aliyemvua samaki mzito kuliko wote alipewa kikombe, yeye na nahodha wake.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa Gazi, kaka yake mama, na kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa kumsalimia njiani ukapita. Alikuwa baharia kwenye boti ya mzungu mmoja aliyehamia Diani. Miaka mingi alifunga kamba, akatia chambo, akamwonyesha mwenye boti samaki walipo, kisha sifa zikaenda kwa aliyeshika usukani. Mwaka ule mgongo ulimkamata mwenye boti, akashindwa hata kupanda ngazi. Akamwita mjomba akamwambia waziwazi: mashindano haya utaongoza wewe, ukiniletea heshima boti utaiongoza siku zote, ukiniletea aibu utarudi kwenye kamba. Mjomba alikuja kunihadithia hapo hapo mapokezi, ameshika kofia mkononi, anajitahidi asitabasamu.

Mgeni aliyepangiwa alikuwa Mjerumani mwenye tumbo la heshima na roho safi. Aliingia Jumamosi asubuhi kwa ndege ya usiku kucha. Kabla hajanipa pasipoti alinionyesha saa yake ya mkononi, yenye mkanda wa ngozi, kama mtu anayekuonyesha picha ya mwanawe. Alisema haikosei. Kwao kuna mnara unaotangaza wakati kwa mawimbi ya redio, na saa yake ina sikio ndani linalousikiliza. Nikamwambia ni nzuri sana, nikampa ufunguo.

Siku ile nzima alitusifu. Alipoitwa chakula cha mchana aliitazama saa yake, akaniambia: "Nyumbani waliniambia kwamba Afrika kila kitu huchelewa. Kumbe nyinyi hata chakula mnakileta mapema!" Jioni, ngoma ya wageni ilipoanza, akasema hivyo hivyo: mapema tena! Sisi tukavimba vichwa. Nilikwenda jikoni kuwapelekea wapishi salamu, na mpishi mkuu akasema kumbe wapo wazungu wanaojua kazi ya watu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini.

Jumapili nilimpigia simu chumbani kumwamsha, akaamka, akaenda. Sheria ya mashindano ilikuwa moja isiyo na huruma: boti zitoke wakati wowote alfajiri, lakini mshipi usiguse maji kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na mwisho ni saa tisa alasiri. Mwenyekiti wa mashindano, mstaafu kutoka bara aliyekuwa amejenga nyumba Ukunda, ndiye aliyetangaza mwanzo na mwisho kwa redio ya boti. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa ngumu kama mkate wa juzi.

Saa kumi jioni boti ya mjomba ilifika ufukweni na samaki ambaye watu walimkimbilia. Nduaro, mdomo wake mrefu kama mkuki, mgongo wa buluu bado unang'aa. Walimtundika kwenye mizani na mizani ikalia. Mpaka boti ya mwisho inaingia hakutokea wa kumkaribia. Mjomba alisimama pembeni, maji yanamchuruzika, anamshukuru Mungu kimoyomoyo, nami nilitamani kupiga kigelegele ila sare ilinizuia. Mpimaji akamuuliza Mjerumani, kama alivyowauliza wote, samaki alishika chambo saa ngapi. Mjerumani akajibu bila kufikiri: alipoamshwa na kelele za ufito aliitazama saa, ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Mpimaji akaandika, kila mtu akaendelea na soda yake.

Nikiwa pale pale nilimsikia mgeni akimnung'unikia mwenyekiti kwa Kiingereza chake kizito: "Mbona mmefunga mapema? Nilikuwa nimeanza kupata raha." Mwenyekiti akacheka, akampiga bega, akadhani ni utani wa mtu ambaye hajatosheka na bahari. Kisha mgeni akaenda bwawani kuogelea, nami nikarudi kwenye meza yangu.

Jua lilipokaribia kuzama tukaitwa barazani. Mwenyekiti alikuwa ameiona ile saa kumi na mbili na dakika kumi.

"Samaki huyu alishika dakika ishirini kabla ya mwanzo," alisema. "Maana yake mshipi ulikuwa majini kabla ya ruhusa. Hii ni boti iliyoiba."

Mjomba akashtuka. "Haiwezekani, mzee. Mimi nimetia mishipi baada ya kusikia sauti yako. Na jua lilikuwa limeshapanda kitambo samaki aliposhika."

"Saa yako ilisema ngapi?"

Mjomba hakuwa na saa. Saa zake zote ziliishia kuliwa na chumvi, naye alikwenda kwa jua na kwa redio. Mwenyekiti akauliza mbona basi hakutangaza kwenye redio kwamba amepata samaki, kama manahodha wengine walivyofanya. Mjomba akainamisha kichwa. Watu wa Gazi walijua sababu, na mimi niliijua: samaki ambaye hajafika mchangani hatangazwi. Jicho la watu ni baya. Lakini utalisemaje hilo mbele ya kamati ya mashindano? Baharia aliyekwenda naye siku ile alisimama kumtolea ushahidi, wakamwambia wa boti moja hawashuhudiani.

Ikabaki kumuuliza mgeni, nami ndiye niliyetafsiri. Mgeni alikuwa katika dhiki ya ajabu. Samaki alikuwa wake pia, kikombe kilikuwa chake pia. Angesema tu huenda nilikosea, kila mtu angefurahi. Lakini alikuwa mkweli mpaka anaudhi. Alisema alikuwa amesinzia kwa uchovu wa ndege, hakujua mishipi ilitiwa majini lini, ila saa aliiona kwa macho yake mawili.

"Huenda saa ina kasoro," nilimsaidia kwa Kijerumani, na hilo halikuwa kwenye tafsiri.

"Binti, saa hii haiwezi kuwa na kasoro. Na wakati wa hapa niliiwekea mwenyewe nikiwa nyumbani, jioni kabla ya siku ya safari. Ninyi mko mbele yetu saa moja. Niliisogeza mbele saa moja. Sikusahau."

Mwenyekiti akawasha redio, tukangoja milio ya taarifa ya habari. Mlio wa mwisho ulipolia, mgeni akanyoosha mkono. Mshale wa sekunde ulikuwa kileleni barabara, na saa ilikuwa kumi na mbili jioni kamili, wakati wetu, bila kupungua wala kuzidi. Niliona uso wa mgeni ukishuka. Saa yake ilikuwa imemshinda yeye mwenyewe.

"Basi," alisema mwenyekiti. "Saa ni sahihi, samaki ni haramu. Tukitoka kusali magharibi nitatangaza mshindi mwingine."

Mjomba alivua kofia, akaivaa tena. Mwenye boti, aliyekuja akiegemea mkongojo, aliangalia pembeni. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Angemkemea ningevumilia, lakini aligeuza uso kama mtu aliyekwisha kuamua.

Nilitoka pale kwa hasira, nikaenda kusimama nyuma ya bwawa ambako hakuna mgeni wa kuniona nikilia. Nilimkuta mzee wa taulo. Alikuwa mtu mzima wa Galu, aliyefanya kazi bwawani tangu hoteli ilipofunguliwa. Aliwapa wageni taulo, na wakiingia majini aliwatunzia miwani, pete na saa kwenye sinia. Alikuwa anakunja taulo za mwisho ili aende akasali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

Nikamweleza, nikasema na maneno mengine juu ya ile saa ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinisikiliza, mikono yake ikasimama juu ya taulo.

"Lo! Yule bwana mnene? Mwenye saa ya mkanda wa ngozi?"

"Huyo huyo."

"Mwanangu, ile saa nimeigusa mimi."

Ndipo akanieleza mazoea yake, ambayo hata sisi tuliofanya naye kazi hatukuyajua. Wageni wengi walikuja bwawani na saa zinazosema wakati wa kwao. Wakitoka majini hutazama saa, huikosa chai, kisha humlaumu mhudumu. Kuwaambia mbele ya watu kwamba wamekosea ni kuwavunjia heshima. Kwa hiyo yeye, akiona saa kwenye sinia iko nyuma, huisogeza taratibu mpaka wakati wetu, huirudisha kwa adabu, na hakuna anayejua kitu. Hilo aliliita stara. Saa za Wajerumani kama ile alikuwa amezizoea: zina kitufe ubavuni, ukikikandamiza kitambo mshale wa saa unaruka saa nzima na dakika haziguswi.

"Na ya leo ilikuwa nyuma?"

"Nyuma saa moja kamili. Dakika zake zilikuwa sawa na za ukutani, nikastaajabu. Nikaisogeza mara moja tu, basi."

Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Kisha nikakumbuka sheria ya hoteli: mfanyakazi akichezea mali ya mgeni hasamehewi. Meneja angekuwa barazani. Nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini nikinyamaza, aibu niliyomfichia mgeni itakuwa nimemtwisha mjomba wako. Hiyo si stara tena. Tusali kwanza, halafu twende."

Tulipoingia, mwenyekiti alikuwa ameshasimama na kikombe mkononi. Nikasema kwa sauti ambayo msichana wa mapokezi haruhusiwi kuitumia: "Subiri, mzee! Tafadhali." Watu wakageuka. Mzee wa taulo akasogea mbele, akatoa salamu, akasema yote aliyoniambia, bila kupamba na bila kujitetea. Meneja akafunua mdomo. Mimi nikatafsiri haraka haraka kabla halijatoka neno.

Mgeni akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Niliisogeza mwenyewe nyumbani. Ingekuwaje nyuma?"

Mwenyekiti naye hakuridhika, na sikumlaumu. Mzee wa taulo na mjomba walisali msikiti mmoja siku za Ijumaa, kila mtu alijua. Nilihisi mambo yanateleza tena. Hapo ndipo wazo lilipokuja, na nasema kwa majivuno kwamba lilinijia mimi.

"Bwana," nikamwambia mgeni, "jana chakula cha mchana kilikuja mapema?"

"Ndiyo. Saa nzima."

"Na ngoma?"

"Pia."

"Na leo, mlipoambiwa mrudishe mishipi, ulitazama saa yako?"

Akaduwaa. "Niliitazama. Ilikuwa saa nane. Nilikasirika. Nikamwambia huyu bwana kwamba amefunga mapema."

Nikamgeukia mwenyekiti, nikayatafsiri maneno hayo polepole, moja moja. "Mzee, leo ulifunga saa ngapi?"

Ilibidi aweke kikombe mezani. Ni yeye mwenyewe aliyetangaza mwisho, kwa sauti yake, saa tisa kamili, na boti zote zilisikia. Ni yeye mwenyewe aliyenung'unikiwa ufukweni akacheka. Huo ulikuwa ushahidi usiotoka Gazi wala msikitini. Kama saa ya mgeni ilisema nane pale bahari nzima ilipokuwa tisa, basi kumi na mbili na dakika kumi ya asubuhi ilikuwa saa moja na dakika kumi. Dakika arobaini baada ya mwanzo.

Lakini mgeni bado alikuwa kwenye fumbo lake. Alikuwa ameivua saa, anaigeuzageuza. "Niliisogeza," alirudia. "Jioni niliisogeza, nikaiweka kando ya kitanda, nikalala..." Kisha akacheka kicheko kikubwa kilichowatoa wahudumu jikoni. "Nililala! Mimi nililala, saa haikulala!"

Akatueleza, akisahau kwamba mimi lazima nitafsiri, nikawa namkimbiza kwa nyuma. Saa ile haiusikilizi mnara mchana kutwa. Huusikiliza usiku wa manane, mara moja, watu wamelala na hewa imetulia. Mnara husema kila dakika: sasa ni saa fulani, tarehe fulani, wakati wa nchi yetu. Saa husikiliza dakika kadhaa, huzilinganisha, na zikikubaliana hujirekebisha. Haiulizi kitu kingine. Haijui bwana wake ana tiketi mfukoni, haijui Kenya iko wapi, haijui hata kama iko mkononi au kabatini. Zipo saa za bei kubwa ambazo ukiziambia niko mbele saa moja hulikumbuka hilo, huongeza saa moja juu ya kila zinachosikia. Yake haikumbuki. Yeye aliisogeza jioni, usiku mnara ukaiambia umekosea, nayo ikatii, ikarudi wakati wa kwao. Asubuhi akaivaa akiamini ameshaiweka. Usiku uliofuata alikuwa angani, na tangu hapo mnara umekuwa mbali mno, hausikiki.

"Kwa hiyo haikukosea," alisema, na niliona fahari yake ikimrudia usoni. "Dakika zilikuwa sahihi, sekunde zilikuwa sahihi. Ilikuwa inasema ukweli wa nyumbani kwangu."

"Na leo usiku?" akauliza mwenyekiti, mtu wa haki mpaka mwisho. "Haitarudi nyuma tena tukaanza upya?"

"Haitarudi. Itasikiliza, haitasikia kitu, itaendelea na wakati aliouweka huyu mzee. Mpaka nitakapofika nyumbani. Huko mnara utaikamata tena."

Mwenyekiti akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Alivuka baraza, akasimama mbele ya mjomba na kusema kwa sauti ya kusikika na wote: "Nilikuita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu hao hao nasema sivyo. Nahodha, njoo uchukue kikombe chako."

Nahodha. Nilipiga kigelegele hapo hapo, na sare yangu, na beji yangu, na meneja akinitazama. Wapishi wakaitikia na masufuria. Mwenye boti alisahau mgongo wake, akataka kumbeba mjomba, wakakaribia kuanguka wote wawili. Mjerumani akambusu mzee wa taulo upara, mzee akasema astaghfirullah huku akicheka. Meneja, ambaye alikuwa ameshajiandaa kumfukuza mtu, alikuta mgeni wake amemshika huyo mtu shingoni anaomba apigwe naye picha. Akatabasamu, angefanyaje? Wiki ile ile akaning'iniza saa kubwa ya ukutani pale bwawani, akamwomba mzee aache vitufe vya watu.

Jumatatu asubuhi mgeni alikuja mapokezi mbio, hata hajachana nywele, akalinganisha saa yake na ya ukutani kwangu. Zilikuwa sawa. "Imesikiliza usiku kucha maskini," akaniambia, "haikusikia mtu." Alifurahi kana kwamba ameshinda kikombe cha pili.

Alikaa wiki mbili, na kila alipokwenda baharini alikwenda na mjomba, ambaye sasa alishika usukani na mwenye boti akimngoja ufukweni. Mjomba ndiye aliyenihadithia juu ya safari yao ya mwisho. Walikuwa nje ya mwamba, jua limepanda, ufito ukalia, jodari mkubwa ameshika. Mgeni aliruka kitini. Saa ilikuwa mkononi mwake, sahihi, imelinganishwa na ya kwangu asubuhi ile ile. Hakuitazama. Aligeuka nyuma kwenye usukani na kuuliza, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe pale mezani:

"Nahodha, saa ngapi?"

Mjomba akatazama jua, akamwambia.